Rosela, Kitunguu Saumu na Vidonge vya Presha

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo, wasiotumia dawa. Waliokunywa vikombe 3 vya chai ya rosela kila siku kwa wiki 6, presha yao ya juu ilishuka pointi 7 hivi. Waliopewa kinywaji cha kufananisha, pointi 1 tu.

Si haba. Lakini mwenye 170 akifika 163, bado yumo hatarini.

Shida huanza vidonge vya rosela vinapoongezwa juu ya lisinoprili. Vyote hulegeza mishipa, na mtu akiinuka kitandani alfajiri huweza kushikwa na kizunguzungu, pengine akaanguka. Hilo hupimika: presha ichukuliwe akiwa amelala dakika 5, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Kipimo cha juu kikishuka pointi 20, daktari aambiwe kila kinachomezwa, na dawa ya hospitali isiachwe kienyeji.

Vidonge vya kitunguu saumu navyo hupunguza kuganda kwa damu. Anayetumia pia aspirini au wafarini huweza kuona fizi zikivuja kila apigapo mswaki, au pengo la jino lililong'olewa likikataa kukauka. Ndiyo maana madaktari huagiza viachwe wiki moja au zaidi kabla ya upasuaji. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina neno.