Mvinje, Fimbo na Picha Moja

Nyuma ya nyumba moja ya pwani umesimama mvinje ulionyooka, na mwenye nyumba anataka uangushwe kabla ya mvua za masika. Paa la jiko liko mita 11.5 kutoka kwenye shina. Fundi wa msumeno, kabla hajawasha mashine, anauliza swali moja tu: mti una kimo gani? Ukiwa na mita 11, unaweza kulala upande wa jiko bila kugusa bati. Ukifika 12, ncha yake itatua juu ya paa.

Hakuna haja ya mtu kupanda juu na kamba. Kinachohitajika ni fimbo iliyonyooka, tepu ya kupimia, jua na, kwa anayetaka kazi iwe safi, picha ya simu.

Jua liko mbali kiasi kwamba miale inayoupiga mti na ile inayoipiga fimbo jirani yake hufika ikiwa sambamba. Mti umesimama wima, fimbo imesimama wima, na ardhi ni tambarare. Basi mti, kivuli chake na mwale unaopita kwenye ncha yake vinafanya pembetatu yenye pembemraba. Fimbo nayo inafanya pembetatu ya namna hiyohiyo, ila ndogo. Pembe zote za hii ni sawa na pembe za ile, kwa hiyo pembetatu hizi zinafanana: umbo moja kwa ukubwa mbili.

Tuseme ni mwezi wa Machi, saa nne kasoro dakika chache asubuhi. Fimbo ina mita 1.50 juu ya ardhi na kivuli chake ni mita 1.20. Kivuli cha mvinje, kuanzia kwenye gamba la shina hadi ncha, ni mita 9.40. Hapa wengi hukimbilia kugawanya, na wanakosea. Ncha ya mti iko juu ya katikati ya shina, si juu ya gamba. Kama shina lina unene wa sentimita 40, ongeza nusu yake, sentimita 20, na kivuli halisi kinakuwa mita 9.60. Ukiisahau nyongeza hiyo ndogo, mti wako utapungua kwa sentimita 25.

Sasa chora. Kwenye karatasi, piga mstari wa ardhi, simamisha mti na fimbo, kisha vuta mshazari kutoka kila ncha hadi mwisho wa kivuli chake. Ukichora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila mita, mishazari miwili lazima itoke sambamba. Andika uwiano chini ya mchoro:

kimo cha mti ÷ kivuli cha mti = kimo cha fimbo ÷ kivuli cha fimbo

H ÷ 9.60 = 1.50 ÷ 1.20

Upande wa kulia unatoa 1.25, yaani kwa saa hiyo kila kitu kilichosimama wima kinazidi kivuli chake kwa robo. H ni 9.60 × 1.25, ambayo ni mita 12.

Uwiano huohuo unaweza kupangwa kwa njia ya pili: kivuli cha mti ni mara ngapi ya kivuli cha fimbo? 9.60 ÷ 1.20 ni mara 8. Basi mti nao ni mara 8 ya fimbo: 8 × 1.50, mita 12. Kwa tepu, njia zote mbili hufika palepale. Kwenye picha haziko sawa hata kidogo, na hili ndilo walimu wengi hulipita haraka.

Faida ya picha ni wakati. Saa hiyo ya asubuhi, hapa karibu na ikweta, jua hupanda karibu nyuzi moja kila dakika 4, na kivuli cha mvinje wetu hufupika zaidi ya sentimita 30 katika muda huo. Anayepima fimbo, akaenda kutafuta tepu ndefu, akarudi kupima mti, ameshapima majua mawili tofauti. Picha huvikamata vivuli vyote viwili kwa mara moja.

Lakini picha pia hupotosha. Tuseme mpiga picha alisimama mita 100 ng'ambo ya uwanja, simu akiishika wima, na picha ikachapishwa kwenye karatasi ya sentimita 20 kwa 15. Ncha ya mvinje haikuingia. Kama ingeingia tungepima mti wenyewe dhidi ya fimbo iliyo kando yake na kuachana na vivuli. Kwa rula, fimbo ni milimita 15, kivuli chake 9, na kivuli cha mti 68.

Mwenye pupa atagawanya 15 kwa 9, apate 1.67, azidishe kwa mita 9.60 na kutangaza mti wa mita 16. Kosa liko wapi? Vivuli havikulala kukingama mbele ya kamera. Vilikuwa vinakwenda mshazari, vikimwacha mpiga picha, kwa hiyo vimebanwa. Fimbo iliyosimama wima haikubanwa. Huwezi kulinganisha kilichobanwa na kisichobanwa.

Njia ya pili inapona, maana inalinganisha kivuli na kivuli, na vyote vimebanwa karibu sawa: 68 ÷ 9 ni 7.56, mara 1.50, unapata mita 11.3. Si 12, kwa sababu kivuli kirefu kinaishia mbali zaidi na kamera, na cha mbali huonekana kidogo. Mpiga picha angesimama mahali ambapo vivuli vinakatiza mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia, pengo hilo lingekaribia kwisha. Kwangu mimi, picha ni ya kuonyesha nani alisimama wapi na saa ngapi. Urefu wa vivuli nauachia tepu. Weka vigingi kwenye ncha mbili kwa wakati mmoja, kisha pima taratibu.

Fimbo nayo ichungwe. Funga kokoto kwenye uzi uwe timazi, kwani ncha ya fimbo ikiinama sentimita 5 kufuata kivuli, kivuli kinakuwa 1.25 na mvinje unashuka hadi mita 11.5. Mteremko hautishi sana: fimbo ikisimama wima kwenye mteremko uleule, pembetatu zinaendelea kufanana ingawa hazina tena pembemraba. Linaloharibu ni shimo au tuta chini ya kivuli kimoja tu.

Kisha kuna ukungu wa ncha. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo ncha ya kivuli cha mti huu hufifia kwenye ukanda wa kama sentimita 18. Weka kigingi katikati ya ukanda huo. Hata ukikosea hadi ukingoni, sentimita 9, kimo kinayumba kwa sentimita 11 tu. Jiko liko mita 11.5, na mvinje, kwa makadirio ya chini, una 11.89. Fundi apunguze kwanza mita 2 za juu.