Kivuli Chini ya Taya

Mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari alifika studio kwangu Tanga akiwa na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na picha aliyopigwa wiki iliyotangulia kwa ajili ya ubao wa viongozi wa shule. Akaiweka mezani akaniuliza, "Mwanangu, huyu ndiye mimi?" Nikamtazama yeye, kisha nikaitazama picha. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwanamume wa miaka 52, amenenepa kiasi, taya lake linaonekana. Wa kwenye picha hakuwa na shingo. Uso ulishuka moja kwa moja mpaka kwenye kola, na chini ya kidevu palikuwa na mkunjo mnene wa nyama, kile tunachokiita kidevu cha pili.

Nikamwambia, "Ni wewe, Mwalimu, ila umepigwa vibaya." Nikamwonyesha kwa kidole mahali ambapo taya lilipotelea.

Taya ni kama upenu wa nyumba. Limejitokeza mbele ya shingo, na mwanga ukitoka juu, chini yake hubaki kivuli. Kivuli hicho ndicho kinacholiambia jicho kwamba uso umeishia hapa na shingo inaanzia pale. Madaktari wa upasuaji wa uso huipima kona iliyopo kati ya sehemu ya chini ya kidevu na shingo, na ikiwa kati ya nyuzi 105 na 120 huihesabu kuwa kali. Kona ikifunguka zaidi, upenu hupotea, mwanga huingia mpaka ndani, na jicho halipati mpaka. Mafuta huifungua kona hiyo, na ngozi iliyolegea kwa umri huifungua vilevile. Kuna sababu ya tatu ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni mfupa. Wapo waliozaliwa na kidevu kifupi. Wapo pia ambao kile kimfupa kidogo cha kooni kinachoshika mzizi wa ulimi kimekaa chini zaidi kuliko kwa wengine. Hao huwa na kidevu cha pili hata wakiwa wembamba, na kujinyima chakula hakuwaondolei.

Mfupa siwezi kuusogeza. Kivuli naweza kukirudisha.

Nilimwomba Mwalimu asimame kama alivyosimama siku ile. Akakakamaa, akabana mabega, akavuta kichwa nyuma kama askari anayekaguliwa. Mkunjo ukatokea palepale. Kichwa kikirudi nyuma, kidevu hukisogelea kikoromeo, na nyama iliyo katikati haina pa kwenda ila kujikunja na kushuka. Hata kijana mwembamba akifanya hivyo mbele ya kioo atajiona ana videvu viwili. Wataalamu wa viungo huwafundisha watu wenye maumivu ya shingo kuvuta kidevu nyuma, na kwa shingo ni zoezi zuri. Mbele ya kamera zoezi hilohilo ndilo linalotengeneza mkunjo, kwa hiyo lifanye nyumbani, si studio.

Nilipomweleza hayo, Mwalimu akafanya kosa la pili, la upande wa pili: akainua kidevu juu. Ngozi ilinyooka, lakini sasa kamera ilikuwa inaona matundu ya pua na uvungu wote wa taya, na mwanga wa taa ukamulika palepale tulipotaka kivuli.

Njia inayofaa ina hatua mbili, na hazifanani na kile mwili unachotaka kufanya wenyewe. Kwanza jirefushe kuanzia utosini, kana kwamba unapimwa urefu ukutani, mabega yakiwa yameachiwa yashuke. Kisha sogeza paji la uso kuelekea kwenye kamera sentimita 2 au 3, halafu shusha kidevu kidogo tu, kama sentimita 1. Peter Hurley, mpiga picha za uso wa New York, amewafundisha wengi jambo hili: taya liende mbele na chini. Mimi nataja paji la uso badala ya kidevu kwa sababu ukimwambia mtu alete kidevu mbele, lazima atakiinua. Ukimwambia alete paji la uso, kidevu hufuata kikiwa kimetulia.

Utajihisi kama kobe aliyetoa kichwa gambani. Mwalimu alinilalamikia kwamba anaonekana kichekesho, na akitazamwa ubavuni alisema kweli. Lakini kamera iliyo mbele yako haioni kwamba kichwa kimesogea sentimita 3. Inachokiona ni ngozi iliyovutika na ukingo wa taya uliotokeza. Ndiyo maana mbinu hii haifai kwa picha ya ubavuni, wala kwa video ambayo watu wamekuzunguka pande zote. Huko baki na kule kujirefusha tu.

Kuna na jambo la ulimi. Meza mate, kisha angalia ulimi umetulia wapi: umelala wote kwenye kaakaa. Uache hapohapo. Misuli ya sakafu ya mdomo hupanda nao, na nyama iliyo chini ya kidevu hupanda kidogo. Midomo ifumbe, ila meno yasibane, maana taya likibana misuli ya mashavuni hutuna na uso unakuwa wa mtu mwenye hasira.

Baada ya mwili, kamera. Ile picha ya kwanza ilionyesha wazi kwamba ilipigwa kutoka chini: dari ilikuwa inaonekana nyuma ya kichwa. Nadhani mpigaji alikuwa ameketi. Kamera ikiwa usawa wa kifua, inautazama uvungu wa taya kama mtu aliyelala kitandani anavyotazama dari. Mimi huiweka juu kidogo ya macho, lakini kiasi gani inategemea umbali. Studio nasimama mita 2 kutoka kwa mtu, na sentimita 20 juu ya macho yake zinatosha. Hapo kamera inamwangalia kwa mteremko wa nyuzi 6 hivi. Ukijipiga mwenyewe kwa simu, mkono ukiwa umenyooka kama sentimita 60, mteremko huohuo unaupata kwa sentimita 6 tu. Ukiinua simu sentimita 20 kwa umbali huo, mteremko unakuwa nyuzi 18: kidevu cha pili kimepotea kweli, lakini paji la uso limejaza picha nzima na macho yanatazama juu kama ya mtoto anayeomba. Wengi hukosea hapo kwa kuamini kwamba juu zaidi ni bora zaidi.

Mwenye mikutano ya kompyuta mpakato ana tatizo la kinyume. Kompyuta ikiwa juu ya meza, kamera yake huwa chini ya macho, na wote wanaokusikiliza wanautazama uvungu wa taya lako mkutano mzima. Iweke juu ya vitabu mpaka kamera ifike usawa wa paji la uso. Kama meza ni nyeupe, tandika kitambaa cheusi mbele yako. Meza nyeupe, vigae na mchanga wa pwani saa sita mchana hurudisha mwanga juu na kukifuta kivuli tunachokitafuta.

Ndevu ndizo zilizotuchelewesha. Mwalimu alikuwa na ndevu fupi zilizochongwa vizuri sana, na kinyozi wake alikuwa ameweka mstari juu kabisa, kwenye ukingo wenyewe wa taya. Kinyozi alidhani analichora taya, na mkononi mwake linaonekana limechoreka. Tatizo ni kwamba mtu akiongea au akiinamisha kichwa, nyama laini husogea lakini mstari hausogei: chini ya weusi wa ndevu hutokea mkanda wa ngozi tupu inayong'aa, na mkanda huo ndio kidevu cha pili chenyewe, kimewekewa fremu.

Mpaka wa ndevu unatakiwa uwe shingoni. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo, kimoja juu ya kingine. Hapo ndipo chini kabisa pa ndevu. Kutoka hapo mstari upande kwa mkunjo mpana, kama bakuli, mpaka nyuma ya ndewe za masikio. Nywele zilizobaki kati ya mstari huo na taya zinafanya kazi ya kivuli, hata mwanga ukiwa mbaya. Urefu nao usilingane: mashavuni mashine namba 2, yaani milimita 6, chini ya kidevu namba 4, milimita 13 hivi, na kwenye ukingo wa shingo zififishwe kwa namba 1 ili mpaka usionekane kama umekatwa kwa rula. Mashavu yakiachwa mazito, uso unapanuka na faida yote inapotea. Wenye nywele za kujisokota, ambao ndio wengi wetu, wana sababu nyingine ya kuziacha: shingo ikinyolewa kwa wembe, nywele hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, vikatoka vipele. Mwenye ndevu nyeupe ajue tu kwamba mvi hazitoi giza. Kwake kazi kubwa ifanywe na taa ya juu na mkao.

Ndevu huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Nikamwambia Mwalimu arudi baada ya wiki sita na asiruhusu mtu kugusa shingo yake.

Aliporudi nilishughulikia kola. Shati lake la zamani lilikuwa limembana. Kola inayobana huisukuma nyama juu kama kamba inavyofanya kwenye mdomo wa gunia. Ukifunga kifungo cha juu, vidole viwili viingie kwa raha. Kola ya kusimama, ile ya suti ya Chu-en-lai, humfaa mwenye shingo ndefu, lakini kwa mwenye shingo fupi ukingo wake unagusana na mkunjo na kuuonyesha. Nilimchagulia shati la kola ya chini yenye ncha ndefu, kifungo cha juu wazi, ili ngozi ifanye umbo la V na jicho lishuke badala ya kukatwa. Kaunda suti ya kola wazi hufanya kazi hiyohiyo. Akina mama wanaovaa ushungi nawaomba watoe pini chini ya kidevu na kuihamishia pembeni, karibu na sikio, kitambaa kikilegea kidogo kooni.

Tulipiga picha zisizozidi kumi. Alichukua moja, na ile ya kwenye bahasha akaniachia.

Kabla hajaondoka nilimgusia jambo ambalo huwagusia wote. Mkunjo laini ulio sawa pande zote mbili ni wa kamera na kinyozi. Uvimbe wa upande mmoja, au mgumu, au unaopanda na kushuka mtu anapomeza mate, huenda ukawa tezi au rovu, na huo ni wa daktari. Yeye hakuwa nao. Akaniuliza tu kuhusu picha ya pasipoti, maana ya zamani ilikuwa inakwisha muda. Nikamweleza kwamba kule kichwa lazima kiwe wima, uso utazame mbele na kamera iwe usawa wa macho, kwa hiyo paji la uso halisogei. Kinachobaki ni kujirefusha, ulimi kwenye kaakaa, kola isiyobana, na zile ndevu, akiwa bado hajapita kwa kinyozi wake.