Saruji ni ileile, faida ni mbili

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye mifuko 100 ya saruji iliyonunuliwa kwa shilingi 14,000 kila mmoja. Bei inapanda, mwenye duka anaongeza mifuko mingine 100 kwa 16,000. Kufikia mwisho wa mwezi ameuza mifuko 120 kwa 18,000, akapata 2,160,000. Je, amepata faida kiasi gani?

Inategemea mhasibu wake anahesabu vipi. Akifuata kanuni ya kilichotangulia kuingia ndicho hutangulia kutoka, mifuko 100 ya kwanza inahesabiwa kwa 14,000 na 20 iliyobaki kwa 16,000. Gharama ni 1,720,000, na faida 440,000. Hapa tunazungumzia daftari tu. Mifuko yenyewe hata ikichanganyika ghalani, hesabu haibadiliki.

Akitumia wastani, anajumlisha gharama ya mifuko yote 200, yaani 3,000,000, na kuigawa kwa 200. Kila mfuko unakuwa wa 15,000. Gharama ya mauzo inafika 1,800,000, na faida inashuka hadi 360,000. (Asichukue bei mbili na kuzigawa kwa mbili: hapa angebahatisha kwa kuwa idadi zinalingana, lakini angekuwa amenunua mifuko 300 kwa bei mpya, angepotoka.)

Zile 80,000 za tofauti zimo ghalani. Mifuko 80 iliyosalia ina thamani ya 1,280,000 kwa njia ya kwanza, na 1,200,000 kwa wastani. Yote ikiuzwa kwa 18,000, jumla ya faida ni 600,000 kwa njia zote mbili. Ila duka linaloendelea kununua halimalizi mzigo, hivyo bei zikizidi kupanda, njia ya kwanza huendelea kutangulia kwa faida. Kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30 italipa 24,000 zaidi mapema kwa sababu hiyo.

Kinachowaumiza wengi, kwa maoni yangu, si kodi. Kurudisha mifuko 120 kwa bei ya sasa kunahitaji 1,920,000, kwa hiyo pesa anayoweza kuitumia bila kupunguza mzigo ni 240,000 tu. Akitoa 440,000 akale na familia, 1,720,000 zinazobaki zinanunua mifuko 107. Duka limepungua mifuko 13, na daftari linasema mwezi ulikuwa mzuri. Wastani unapunguza udanganyifu huo, hauuondoi: akitoa 360,000 atanunua mifuko 112.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinaruhusu njia zote mbili, ila bidhaa za aina moja zenye matumizi yaleyale zihesabiwe kwa njia moja. Kuhamahama kila mwaka ili faida ipendeze hakukubaliki. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha faida ya maduka mawili, au kugawana ya duka lako, uliza kwanza mzigo ulihesabiwa kwa njia gani, kisha uliza bei ya kununua ya leo.