Nyama Ipimwe Mbichi au Ikishaiva?

Kilo ya steki uliyofungiwa buchani haitakuwa kilo ikifika mezani. Kwa anayeandika chakula chake kwenye programu ya simu ili ajue kalori anazokula, hapo ndipo hesabu huanza kwenda kombo.

Uzito huo huenda wapi?
Karibu robo tatu ya nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji. Ikipata moto, nyuzi zake hujikaza na kuyakamua. Bandika vipande kwenye sufuria kavu, ufunike. Muda si mrefu utavikuta vimezama kwenye maji yake vyenyewe. Mara nyingi hupotea kama robo ya uzito, na nyama ikikaushwa sana juu ya mkaa hupotea theluthi au zaidi. Yenye mafuta mengi hudondosha na mafuta pia.

Na protini hupotea?
Kidogo tu. Gramu 100 za kidari cha kuku kibichi, bila ngozi, zina kalori kama 120. Zikiwa za kidari kilichookwa, ni kama 165. Hakuna kilichoongezwa, maji yametoka, chakula kikabaki kimeshikamana.

Basi niandike uzito upi?
Wowote, ilimradi ulingane na jina unalochagua kwenye orodha: raw ni mbichi, cooked au roasted ni iliyopikwa. Tuseme kidari kilikuwa gramu 400 kibichi, kikatoka kwenye oveni kikiwa gramu 300. Ukiandika 400 za kibichi unapata kalori 480. Ukiandika 300 za kilichookwa, 495. Tofauti hiyo haina uzito. Lakini ukiandika 400 chini ya kilichookwa, simu inakupa 660, yaani kalori 180 ambazo hukuzila.

Mimi nachagua mbichi. Mpishi mmoja hutoa nyama ikiwa laini, mwingine huikausha, na orodha haijui nani alikuwa jikoni.

Sufuria ni ya familia nzima, nifanyeje?
Pima nyama yote kabla ya kuipika, kisha opoa minofu na uipime tena ikiiva. Kama gramu 1,200 zimebaki 800, gawanya 1,200 kwa 800: jibu ni 1.5. Ukijipakulia gramu 200, zidisha kwa 1.5, uandike gramu 300 za nyama mbichi. Mchuzi usiuchanganye kwenye mizani.

Mifupa je?
Orodha nyingi huhesabu mnofu peke yake. Pima kipande kilichoiva kabla hujakila, ukimaliza pima mifupa iliyobaki sahanini, utoe. Kinachobaki kiandike kama nyama iliyopikwa.

Mafuta ya kupikia nayo yaandike kivyake, maana kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, sawa na gramu 100 za kile kidari kibichi.