Matawi 14 au 19? Hesabu kwanza, ndo utoe bei

Tuseme umepost majani yako ya chai ya Tukuyu, benki moja ikakupigia: wanataka boksi moja la zawadi kwa kila tawi lao mkoa wa Mbeya, tuma bei. Unaingia tovuti yao unahesabu matawi 14. Unaingia ramani ya Google unapata 19. Unafungua taarifa yao ya fedha, unakuta namba kubwa ya nchi nzima. Sasa unaandika ngapi?

Usichukue ya katikati, wala usichukue kubwa eti kwa usalama. Mara nyingi hizo namba hakuna iliyodanganya, ila kila moja imehesabu kitu chake.

Tuanze na taarifa ya fedha. Benki zetu hutoa hesabu za kila robo mwaka, na humo huwa kuna mstari wa idadi ya matawi. Hiyo ni namba nzuri, lakini angalia tarehe iliyo juu: ikiandikwa 31 Desemba, tawi lililofunguliwa Februari halimo. Pia angalia safu. Benki yenye kampuni tanzu huwa na safu ya benki na safu ya kundi zima. CRDB kwa mfano ina benki Burundi tangu 2012, na nyingine Kongo, Lubumbashi, tangu 2023. Ukisoma safu ya kundi unaweza kuwahesabia chai watu wa Bujumbura. Na ukishapata safu sahihi, namba hiyo bado haikuambii Mbeya kuna mangapi. Kazi yake ni kukuonyesha wenyewe wanaita nini "tawi".

Ramani ndo inachanganya zaidi, kwa sababu alama inaweza kuwekwa na mtu yeyote. Mashine ya ATM iliyosimama peke yake inapata alama. Duka la wakala lenye bango la benki linapata alama. Tawi likihama jengo, alama ya zamani inabaki na mpya inaongezwa. Gusa kila alama uangalie picha na maoni ya karibuni. Ukiona picha ni kibanda chenye bango na miamala ya simu pembeni, huyo ni wakala.

Orodha ya tovuti huwa safi kidogo ila inachelewa. Kwetu huku kuna mtego mmoja: mkoa wa Songwe ulitoka Mbeya mwaka 2016. Orodha ambayo haikurekebishwa bado inaweza kuweka Tunduma na Vwawa chini ya Mbeya. Na wilaya yetu ya Rungwe ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo, kwa hiyo ukichuja kwa jina la Rungwe tu unaweza kukosa kitu cha Lwangwa.

Turudi kwenye ile oda yetu ya mfano. Chukua daftari, andika majina ya sehemu, siyo namba. Mstari mmoja sehemu moja, pembeni weka alama umeiona wapi. Kwenye ramani 19 tunatoa ATM 3 na wakala 2, na tawi 1 lililoandikwa mara mbili baada ya kuhama. Zinabaki 13. Kwenye tovuti 14 tunatoa Tunduma na Vwawa, zinabaki 12. Linganisha majina: lile moja lililozidi ni tawi jipya ambalo tovuti haijaliweka. Piga simu huduma kwa wateja uulize hilo moja tu. Wakisema limefunguliwa, jibu ni 13 na pande zote mbili zimekubaliana.

Kama boksi ni 24,000, ungeandaa 19 ungebaki na maboksi 6, yaani 144,000 imelala ndani. Ungeandika 14, mbili zingeenda Songwe kwa nauli ambayo hukuiweka, na tawi jipya lingekosa.

Kwa kampuni zisizo benki, msitegemee BRELA kwa hili. Pale unaona kampuni imesajiliwa na ofisi yake iko wapi, maduka yake hayapo. Leseni ya biashara ndo hutolewa kwa kila eneo la biashara, lakini zile za halmashauri zipo halmashauri husika, huwezi kuzipata zote sehemu moja.

Kwenye bei yenyewe usiandike "matawi yote Mbeya". Andika "sehemu 13 kama zilivyoorodheshwa", uambatanishe ile orodha ya majina na tarehe uliyohakiki. Wakiongeza sehemu ya 14 baadaye, nauli yake mnaipangia upya.