Bibi Anapopiga Simu Usiku wa Manane wa Mjukuu

Saa saba mchana ya Tanga ni saa kumi usiku ya Minneapolis, mji ulioko jimbo la Minnesota nchini Marekani. Kwa bibi wa Tanga hiyo ndiyo saa ya utulivu. Adhuhuri imesaliwa, wali umeliwa, vyombo vimeoshwa, jua halimruhusu mtu kutoka nje, naye amejinyoosha mkekani barazani. Ndipo watu walio mbali wanapomjia moyoni. Mtoto wa jirani alimwekea bando la siku moja jana yake, na asipolitumia litakwisha. Anabonyeza picha ya mjukuu wake, simu inaita.

Hadithi hii ni ya kubuni, lakini yanayotokea ndani yake yanatokea kila wiki katika familia zenye mtoto ughaibuni. Huko Minneapolis mjukuu wa kike anashtuka usingizini. Kabla hajajua nani anapiga, ameshajiuliza ni nani aliyefariki, kwa kuwa kwa mtu aliye mbali na kwao simu ya usiku wa manane ina maana ya msiba. Anapokea mikono ikitetemeka.

"Shikamoo bibi. Kuna nini huko?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Hakuna kitu, nimekukumbuka tu. Mbona sauti nzito hivyo, unaumwa?"

"Siumwi bibi. Huku ni saa kumi za usiku."

"Usiku gani? Mbona jua liko utosini!"

Wanacheka, wanazungumza dakika chache, bibi anamwombea dua na kukata. Mjukuu hapati usingizi tena, na saa kumi na mbili lazima aamke kwenda kazini. Hakuna aliyekosa adabu hapa. Tatizo limeanzia kwenye jinsi dunia inavyozunguka, na linazidishwa na jinsi watu wanavyozihesabu saa.

Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24, na duara zima lina nyuzi 360, kwa hiyo kila nyuzi 15 ni mwendo wa saa moja. Tanga iko kama nyuzi 39 mashariki ya mstari wa Greenwich, Minneapolis iko kama nyuzi 93 magharibi yake. Jumla ni nyuzi 132, yaani karibu saa tisa. Jua huchomoza Tanga kwanza, ndipo likafike Minneapolis baada ya saa hizo. Serikali zimezungusha hesabu hiyo kuwa saa kamili: Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya Greenwich, na Minnesota iko saa sita nyuma yake.

Mjukuu hulala saa tano usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa saa za Tanga, usingizi huo unaanza saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa alasiri, na huo ndio wakati wote ambao bibi ana nafasi. Asubuhi na mapema kuna chai na kufagia uwanja, jioni kuna mapishi, magharibi na isha. Bibi akipiga pale anapokuwa huru, karibu kila mara atamkuta mjukuu amelala.

Baada ya simu ile mjukuu alituma ujumbe: "Bibi, nipigie saa 9." Hapo kosa la pili likaingia, na hili ni la watu wetu wenyewe. Mjukuu amekaa Marekani miaka mingi, anataja saa kama ilivyoandikwa kwenye kioo cha simu, na alikuwa na maana ya usiku, mshale mfupi ukiwa juu ya 9. Bibi anahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapotua. Mshale mfupi ukisimama juu ya 9 yeye husema saa tatu. Alipoambiwa saa 9 alielewa saa tisa alasiri, naye akapiga saa tisa alasiri barabara. Minneapolis ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, na safari hii simu ilimkuta mjukuu bafuni. Saa aliyoitaka mjukuu, yaani saa tatu usiku ya kwake, ni saa kumi na mbili asubuhi ya Tanga. Wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa hesabu yake. Kwa hiyo mtu wa ughaibuni anayemwandikia mzee nyumbani asiandike tarakimu peke yake. Aandike "saa kumi na mbili asubuhi ya Tanga", akitaja kipande cha siku na mji.

Hesabu ya Kiswahili, ambayo katika ujumbe ule ilileta mkanganyiko, ndiyo inayomrahisishia bibi kazi akiijua njia yake. Mzunguko wa saa kwenye ukuta una saa 12 tu. Kurudi nyuma saa tisa kunaufikisha mshale mahali pale pale panapofikiwa kwa kwenda mbele saa tatu, ila mchana hugeuka usiku na usiku hugeuka mchana. Basi bibi aitazame saa yake ya ukutani, aongeze saa tatu, kisha ageuze. Saa saba mchana ukiongeza tatu inakuwa saa kumi jioni. Geuza, ni saa kumi usiku. Saa kumi na mbili jioni ukiongeza tatu inakuwa saa tatu usiku. Geuza, ni saa tatu asubuhi. Hahitaji kalamu wala miwani. Mzee ambaye hakukaa darasani hata siku moja anaweza kuifanya akiwa amekaa kwenye kigoda, na ni vyema afundishwe hivyo kuliko kupewa jedwali.

Lakini hesabu hiyo haishiki mwaka mzima. Tanga iko karibu na ikweta, na urefu wa mchana wake hupishana kwa kama nusu saa tu kati ya mwezi wenye mchana mrefu na mwezi wenye mchana mfupi. Ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia jua kunafaa kwetu, na ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki hazina haja ya kusogeza mishale. Minneapolis iko mbali kaskazini. Mwezi wa Desemba mchana wake hauzidi sana saa nane na nusu, na mwezi wa Juni unapita saa kumi na tano. Ili watu wapate mwanga zaidi jioni, Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tarehe hizo zimetumika tangu mwaka 2007.

Kwa bibi maana yake ni kwamba tofauti ya saa tisa inakuwa saa nane. Kanuni inabaki ile ile, ila anaongeza saa nne badala ya tatu. Aliyezoea kupiga saa moja kamili asubuhi na kumkuta mjukuu saa nne usiku, kuanzia Machi atamkuta saa tano, akiwa kitandani. Kosa hili ni gumu kulitambua kwa sababu nyumbani hakuna kilichobadilika: muadhini ni yule yule, saa ya ukutani ni ile ile. Dalili yake ni mjukuu ambaye siku zote alikuwa mchangamfu kuanza ghafla kupokea kwa sauti ya usingizi. Mwenye wajibu wa kutoa taarifa ni mjukuu, kwa sababu yeye ndiye anayeona mabadiliko, na wengi husahau.

Kwa aliye Uingereza kanuni ni nyepesi zaidi. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Bibi anapunguza tu, wala hageuzi kitu. Ulaya husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo bibi mwenye wajukuu London na Minneapolis ana wiki kadhaa ambazo mmoja ameshabadilisha na mwingine bado. Aliye Maskati hana shida yoyote: Oman iko mbele kwa saa moja mwaka mzima.

Liko pia suala la siku. Bibi akitaka kumpa mjukuu mkono wa Idi saa moja asubuhi, kabla ya kwenda kusali, Minneapolis bado ni usiku wa jana, na mjukuu yumo katika usiku wa kuamkia Idi. Katika kupanga simu ya harusi au ya hitima, kusema "Jumamosi" bila kutaja Jumamosi ya wapi kumeshawakosesha watu shughuli nzima.

Simu yenyewe inaweza kusaidia kwa namna ambayo wengi hawaitilii maanani. Ujumbe wa sauti unaotoka kwa mjukuu ukifika kwenye simu ya bibi, saa inayoonekana chini yake ni ya Tanga, maana programu hubadilisha yenyewe. Saa ambazo ujumbe wa mjukuu huingia mara kwa mara ndizo saa ambazo yuko macho, bila hesabu yoyote. Kijana wa nyumbani anaweza kumwonyesha bibi hilo kwa muda mfupi. Tarakimu iliyoandikwa ndani ya maneno, kama ile "saa 9", hakuna programu inayoibadilisha.

Wapo wajukuu ambao hata hesabu sahihi haitoshi kwao. Anayefanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee, akiingia saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi, hulala mchana. Kwake nafasi nzuri ni ile saa moja kati ya kufika nyumbani na kupanda kitandani. Akifika saa mbili asubuhi, Tanga ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi na saa kumi jioni wakati wa joto. Zamu ikibadilika nafasi hiyo hubadilika nayo, kwa hiyo mtu kama huyo afadhali awe ndiye mpigaji, na bibi aachiwe ujumbe wa sauti, anaoweza kuutuma wakati wowote bila kumwamsha mtu.

Kuzima simu usiku si jawabu, kwa sababu siku ya habari nzito nayo ipo. Familia zinazoelewana hukubaliana mapema: salamu na mazungumzo zipite kwa ujumbe wa sauti au kwa saa iliyopangwa, na likitokea la dharura mtu apige mara mbili mfululizo. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa Usinisumbue unaonyamazisha miito ya usiku lakini unamruhusu mtu yule yule akirudia kupiga baada ya muda mfupi. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya msafiri kupanda ndege, bibi akiwepo na kusikilizwa saa zake za nafasi ni zipi.