Wajitoleaji wamo? Barua ya kupendekeza bima kwa shirika la misaada

Barua ya kupendekeza bima ya ajali na ya usafiri wa dharura kwa wagonjwa huandikwa na wakala au kampuni ya bima, ikapelekwa kwa shirika la misaada lenye watu nyanjani. Sehemu yake nzito ni ile inayoeleza nani analindwa. Nchini Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, humtambua aliyeajiriwa kwa ujira. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Mjitoleaji anayepewa nauli na chakula tu hana mshahara wa kukokotolea, ingawa hupanda pikipiki ileile na kupita barabara ileile.

Kwa hiyo barua nzuri hupendekeza bima ya ajali ya kikundi, ambayo fidia yake ni kiasi kilichokubaliwa mapema. Tuseme ni shilingi 1,000,000 kwa kifo au ulemavu kamili, sehemu ya kiasi hicho kwa kupoteza jicho au kidole, na hadi shilingi 100,000 za matibabu.

Usafiri wa dharura ni jambo jingine. Chukua mjitoleaji aliyevunjika paja kaskazini mwa Lodwar, Turkana. Mwenzake hupiga simu ya dharura inayopokelewa saa 24. Daktari huuliza kama anapumua vizuri, anavuja damu kiasi gani na kiwanja cha ndege kilicho karibu ni kipi, kisha huamua kama ndege iende. Viwanja vingi vya vijijini havina taa, hivyo ajali ya jioni huweza kungoja alfajiri. Ndege ikishatua Wilson, Nairobi, na mgonjwa kufikishwa hospitalini, kazi ya bima hiyo imekwisha. Gharama za upasuaji hudaiwa kwenye zile shilingi 100,000, nazo kwa mfupa wa paja huisha upesi. Hapa ndipo mashirika mengi huumia: yalidhani ndege na hospitali ni bima moja. Barua inapaswa kuvitaja viwango hivyo viwili pamoja, katika ukurasa mmoja.

Yasiyolipiwa nayo yasifichwe kwa maandishi madogo. Malaria si ajali, hivyo haigusi fidia ya ajali. Mapigano ya silaha mara nyingi huondolewa, na pikipiki huweza kuondolewa pia au kuwekewa sharti la kofia ngumu. Kwa shirika ambalo watu wake husafiri kwa bodaboda, bima isiyolipia pikipiki haina kazi.

Mwisho ni orodha ya majina. Aliyejiunga jana na jina lake halijapelekwa kwa kampuni huweza kukataliwa fidia. Kabla ya kutia saini, shirika lidai kifungu kinachowaingiza wajitoleaji wapya siku ileile wanapoanza kazi.